Wiki Kumi na Moja za Ebla

Ebla Gelle hakuwa mtu wa kulala mchana. Watu wa Bula Iftin, mjini Garissa, walimjua hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini: mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, muuza maziwa safi ya ngamia. Ukionja maziwa yake ukakunja uso, alikunyang'anya kikombe na kukwambia uende ukanywe soda. Alizaliwa upande wa Balambala, akaolewa huko, akafiwa na mume huko, kisha akaja mjini na binti mmoja mgongoni na mikono miwili. Kwa mikono hiyo alimlea binti yake Ikran mpaka akaolewa na Abdirahim, dereva wa lori la Mandera, mtu anayekuwa nyumbani siku tatu na njiani siku ishirini. Kwa hiyo Ikran alibaki akiishi na mamake, na mtoto wao Hani alipozaliwa alilala kwenye mkeka wa nyanya yake tangu alipoachishwa ziwa.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka miwili na alikuwa mtukutu kupita kiasi. Alikuwa akipanda juu ya tumbo la Ebla kabla hakujapambazuka na kumfungua macho kwa vidole. Ebla alimkemea kwa sauti ambayo ingemtoa ngamia zizini, na mtoto alicheka tu. Niseme wazi, hakuna kitu duniani ambacho Ebla alikipenda kuliko huyo mtoto, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma kukisimulia.

Maziwa ya ngamia yana kazi ambayo mnywaji haioni. Kila jioni, madumu yakishaoshwa, lazima yavukizwe. Unachoma vijiti vya mti wenye harufu, unatia kaa la moto ndani ya chombo, unafunika, unatikisa, unafunua, na moshi wote unakuja usoni. Moshi ndio unaoyapa maziwa ladha yake na kuyafanya yasiharibike haraka. Mwanamke wa maziwa asiyevukiza vyombo vyake hana wateja, na mwanamke anayevukiza vyombo kumi kila jioni hukohoa. Hilo sokoni halimshangazi mtu yeyote.

Basi Ebla alipoanza kukohoa, baada tu ya mvua chache za mwisho wa mwaka, alisema ni moshi. Ikran akasema ni moshi. Wanawake wenzake kwenye kivuli cha mabati sokoni walisema ni moshi, kisha wakamshauri anywe maji ya tangawizi. Alikunywa. Halafu akaenda kwa Abdisamad, mwenye duka la dawa karibu na nyumbani, akanunua chupa ya dawa ya maji ya kikohozi.

Dawa ile ilikuwa tamu na ilimletea usingizi. Usiku wa kwanza alikohoa mara mbili tu, akaamka akimshukuru Mungu. Chupa ilipoisha, kikohozi kikarudi. Abdisamad akampa nyingine, akamuuliza kwa kumwita shangazi, "Eddo, kimekushika tangu lini?"

"Siku nne," Ebla akajibu. Hakuona kama amedanganya. Alihesabu tangu chupa ya kwanza ilipokwisha, kana kwamba kile cha kwanza kilipona na hiki kilikuwa kikohozi kingine kabisa.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibika taratibu. Chupa ya tatu aliona aibu kuinunua palepale. Aliinunua kwenye duka la sokoni. Ya nne alimtuma Ikran upande wa pili wa mji, na Ikran, asiyependa maswali, akasema ni yake mwenyewe. Ya tano ililetwa na Abdirahim alipopita. Kila muuzaji aliona mtu mmoja mwenye kikohozi cha siku chache, akampa dawa ya kikohozi cha siku chache. Hakuna hata mmoja aliyeziona chupa zote pamoja isipokuwa Ebla, aliyezipanga nyuma ya sanduku la nguo na kuzifunika kwa kitambaa.

Kwa nini afiche? Kwa sababu alikuwa na neno moja kichwani ambalo hakulitamka. Kwao, kwa Kisomali, wanaliita qaaxo, na serikali inaliita kifua kikuu. Ebla alipokuwa msichana kule Balambala, shangazi yake mmoja alikohoa mwaka mzima. Walimjengea kibanda chake mbali na boma, wakampa kikombe chake, na watoto wakakatazwa kupita upande ule upepo unakoelekea. Alikufa huko. Mabinti zake wawili walizeeka bila kuposwa, kwa kuwa watu walisema ugonjwa ule uko kwenye damu ya ukoo. Ebla aliyaona hayo yote kwa macho yake. Alijiambia kwamba siku watakaposikia neno hilo sokoni, hakuna atakayenunua hata kikombe kimoja cha maziwa yake, na ndugu za Abdirahim watakuja kumchukua Hani.

Wiki ya sita alianza kutoka jasho usiku hadi mkeka ukalowa. Alisema ni joto, na Garissa ukisema ni joto nani atakubishia. Wiki ya nane bangili zake zilikuwa zikimteleza mkononi. Alisema ni uzee. Wiki ya tisa alikohoa nyuma ya choo, akaona damu kwenye mate yake, kidogo tu, nyuzi nyekundu mbili tatu. Aliangalia huku na huku. Kisha akafukia kwa mguu, akarudi ndani na kunywa vijiko vitatu vya dawa badala ya kimoja.

Usiku huo Hani alilala kifuani pake kama kawaida.

Mtoto alianza kwa kuwa mnyonge. Aliacha kupanda juu ya watu. Alilia bila sababu, akakataa uji, akatapika asubuhi, akapungua mpaka shingo ikawa nyembamba. Ikran alisema ni meno. Jirani alisema ni jicho baya, wakamsomea Kurani na kumpaka mafuta. Hayo yaliendelea kwa wiki mbili na zaidi. Kisha siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Ebla akiwa anapima maziwa sokoni, Ikran alikuja mbio bila viatu na mtoto mikononi. Macho ya Hani yalikuwa yamegeukia juu na mkono wake mmoja ulikuwa ukirukaruka wenyewe.

Hospitalini waliwapokea haraka. Degedege ilitulizwa kwa sindano. Daktari wa zamu kwenye wodi ya watoto alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, asiyejua Kisomali, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alimkunja mtoto shingo na shingo ikakataa kukunjika. Akatoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, akayaangalia kwenye mwanga, akaanza kumpa dawa za homa ya uti wa mgongo. Halafu akavuta kiti, akawauliza maswali moja baada ya jingine huku akiandika. Mtoto alichanjwa? Alianza kunyong'onyea lini? Amepungua uzito?

"Na nyumbani kwenu," akauliza, "kuna mtu yeyote anayekohoa muda mrefu? Mkubwa yeyote?"

Ikran alimtazama mamake.

"Hakuna," Ebla akasema. "Hakuna mtu nakohoa, daktari. Sisi iko sawa, alhamdulillahi."

Ikran aliinamisha kichwa, akanyamaza. Alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba mama akishasema, limesemwa. Daktari aliandika neno moja kwenye karatasi na kwenda kwa mtoto mwingine.

Siku mbili zilizofuata, Ebla aliishi maisha ya mwizi. Kila kifua kilipomwasha alitoka mbio, akapita korido, akaenda hadi nyuma ya jengo la kufulia, akakohoa huko akiwa ameshika ukuta. Chupa aliifunga kwenye kanga kiunoni. Alikunywa, akajifuta mdomo, akarudi kukaa karibu na kitanda kwa sura ya mtu mwenye afya. Hani hakuwa akilia tena. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alilala macho nusu wazi, jicho moja likiwa limepinda, na ukimwita hakugeuka. Ikran alimkandakanda miguu usiku na mchana akirudia jina lake. Ebla aliswali akiwa amekaa kwa sababu nguvu za kusimama hazikuwepo, akamwomba Mungu amponye mtoto kwa njia yoyote, yoyote ile. Njia moja alikuwa ameishika yeye mwenyewe, na alijua.

Ijumaa asubuhi daktari alirudi na karatasi zake. Alikaa kwenye kiti kilekile, na safari hii hakuandika.

"Mama, mtoto hashiki nafuu," alisema taratibu, ili aeleweke. "Dawa ninazompa zinaua vijidudu vya kawaida vya homa hii. Maji ya mgongo wake hayafanani sana na hiyo. Nina wasiwasi na kifua kikuu kilichopanda kwenye ubongo. Kwa mtoto mdogo ni vigumu kukipata kwenye vipimo. Hatoi makohozi, na yale maji ya mgongo mara nyingi hayaonyeshi kitu hata kama ugonjwa upo. Kitu kinachotusaidia zaidi ni kujua kama anaishi na mtu mwenye ugonjwa huo. Nikikosea upande mmoja nampa dawa nzito za mwaka mzima bila sababu. Nikikosea upande wa pili, hatutakuwa naye wiki ijayo. Ndiyo maana nauliza tena."

Ikran alianza kulia bila sauti. Ebla aliangalia mikono yake. Kile kibanda cha Balambala kilimjia, na kile kikombe, na sokoni, na ndugu za Abdirahim wakishuka kwenye gari. Yote hayo yalikuja kwa pamoja, na hapo katikati alikuwa Hani akipumua kwa shida. Alifungua mdomo kusema, na badala ya neno kikaja kikohozi. Hakukimbia nacho. Alikohoa palepale, akiwa amejifunika uso kwa mtandio, kwa muda mrefu, hadi nesi akaja kusimama mlangoni.

Alipomaliza alisema, "Ni mimi. Mimi nakohoa."

"Tangu lini, mama?"

Alikuwa hajawahi kulijibu swali hilo kwa ukweli. Ilibidi arudi nyuma: mvua, harusi ya jirani, safari ya kwanza ya Abdirahim, safari ya pili. "Wiki kumi," akasema. Kisha akasema, "Hapana. Kumi na moja. Na damu nimeona. Mara mbili."

Daktari hakumfokea. Ebla angependa sana afokewe. Alimpa barakoa avae, akamwambia nesi ampeleke kliniki ya kifua sasa hivi, na yeye akageuka kwenye meza kuandika dawa za mtoto.

Kliniki ya kifua ilikuwa chumba cha mwisho kwenye ua, madirisha yote wazi. Aliyekaa hapo alikuwa Mustafe, mtu wa Garissa mwenye ndevu za hina, aliyezungumza naye Kisomali, na kwa hilo pekee Ebla akataka kulia. Alimpa kikopo kidogo chenye kifuniko, akampeleka uani kwenye upepo, mbali na watu.

"Eddo, vuta pumzi ndefu mara mbili, kisha kohoa kutoka chini kabisa. Nisipate mate ya mdomoni. Nataka kile kilichoko kifuani."

Alifanya hivyo. Mustafe alifunga kikopo, akaandika jina lake, akakipeleka maabara kwenye mashine. Hakuna aliyemdai chochote. Kisha akaketi naye kwenye benchi la nje, na Ebla, kwa kuwa sasa hakuwa na cha kuficha, akaifungua kanga na kumwonyesha chupa.

"Hii ni ya ngapi?" akauliza Mustafe.

"Ya tisa."

Mustafe aliigeuza chupa mkononi. "Ya kwanza si kosa," alisema. "Mtu akipata mafua akakohoa wiki moja, atakunywa hii au chai ya tangawizi, na atapona hata asipokunywa. Lakini hii hainyamazishi kitu isipokuwa sauti. Kilichomo ndani kinaendelea na kazi yake. Kikohozi kikivuka wiki mbili sisi tunaanza kuuliza. Kikivuka tatu hakuna tena mjadala, kinapimwa, kiwe cha moshi, kiwe cha sigara, kiwe cha nini. Huwezi kukijua kwa kukisikiliza. Mimi mwenyewe siwezi, na niko hapa miaka kumi na mbili."

"Nilidhani ni madumu," Ebla akasema. "Wallahi mwanzoni nilidhani ni madumu."

"Wanawake wa maziwa wote husema ni madumu. Nusu yao wanasema kweli. Ndiyo maana ninapima."

Ebla akamsimulia habari za shangazi yake, na Mustafe akamweleza kwamba ugonjwa haumo kwenye damu ya ukoo. Unapita kwenye hewa, mtu anapokohoa, na hewa ya chumba kimoja kilichofungwa usiku kucha inatosha. Kikombe cha shangazi yake hakikuwa na kosa. Waliotengewa kikombe wangeweza kupona kama tu wangepata vidonge. Ebla aliuliza kama mtoto anayelala kifuani anaweza kuupata. Mustafe alikuwa ameshaambiwa habari za wodini. Alichelewa kujibu, na Ebla akamwambia aache, ameelewa.

Mchana majibu yakatoka. Ugonjwa upo, na mashine ilionyesha kwamba ni ule unaosikia dawa za kawaida. Mustafe alimpima pia damu, akampa pakiti ya vidonge, akamwambia ni miezi sita bila kukosa siku, na kwamba akivimeza vizuri baada ya wiki chache hataambukiza mtu tena. Akaandika jina la Ikran, jina la Abdirahim, ili nao waje wapimwe, na wasipokuwa na ugonjwa wapewe dawa za kuwakinga. Ebla alishika pakiti ile kwa mikono miwili. Aliuliza swali moja tu: Hani ameshapewa zake? Mustafe alipiga simu wodini. Alikuwa amepewa tangu saa tano.

Hakuruhusiwa kurudi wodini. Kwa wiki tatu alikaa uani chini ya kivuli cha tangi la maji, barakoa usoni, akiangalia dirisha la tatu. Ikran alitoka mara moja kwa siku kumletea chakula, akakiweka chini, akarudi ndani. Hakusema zaidi ya salamu. Ndugu za Abdirahim walikuja kweli. Walimpita Ebla bila kumsalimia, na ilikuwa haki yao. Lakini hawakumchukua mtoto, kwa kuwa hakuna wa kumchukua mtoto mwenye mpira wa kulishia puani. Habari zilifika sokoni kabla ya adhuhuri ya Jumamosi. Wateja wake walihamia kwa wanawake wengine, na madumu yake yalikaa makavu nyumbani. Yale aliyoyaogopa kwa wiki kumi na moja yalitokea yote kwa siku nne, na akaona kwamba yalikuwa madogo. Angeyakubali mara mia. Aliyaogopa hayo, akalipa kwa mtoto.

Hani hakufa. Siku ya kumi na mbili alifungua macho yote mawili. Siku ya ishirini alimeza uji kwa kijiko. Daktari alisema wamempata akiwa kwenye ukingo, na kwamba wangempata wiki tatu mapema angekuwa mtoto mwingine. Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimelegea. Hakuweza kukaa bila kushikiliwa. Yale maneno kumi na tano aliyoyajua yalikuwa yamepotea yote, na alipoitwa kutoka nyuma aligeuka mara nyingine, mara nyingine hakugeuka. Huenda baadhi yatarudi, daktari alisema. Dawa ni mwaka mzima, na mazoezi ya viungo kila wiki.

Waliruhusiwa kwenda nyumbani mwezi wa pili tangu walazwe. Mustafe alikuwa ameshampima Ebla tena, makohozi yakawa safi. Hata hivyo Ebla alitandika mkeka wake nje ya mlango, barazani, na usiku aliwasikiliza wale wawili ndani. Siku tano zilipita hivyo. Jioni ya sita Ikran alitoka na mtoto begani, akaketi kwenye kizingiti. Alikuwa amekonda, na uso wake ulikuwa wa mwanamke mkubwa.

"Hooyo," alimwita mamake. "Siku ile ya kwanza. Daktari alipouliza. Ulikuwa unajua?"

Ebla angeweza kusema hapana. Angeweza kusema moshi, angeweza kusema uzee, angeweza hata kumkumbusha binti kwamba naye alikuwa kimya. Maneno hayo yote yalikuwa tayari mdomoni, yamezoea njia.

"Nilijua," alisema. "Tangu ile damu nilijua."

Ikran hakulia na hakupaza sauti. Alimsogeza mtoto begani. Hani alikuwa akisinzia, mkono wa kushoto ukining'inia.

"Kesho ni mazoezi yake saa tatu," Ikran akasema. "Kutoka hapa hadi hospitali ni mbali, na mgongo wangu umechoka. Utambeba wewe. Kesho na kila wiki."

"Ndiyo," Ebla akasema.

"Mpaka atembee."

"Na asipotembea?"

"Basi utambeba," Ikran akasema, akamweka mtoto mapajani mwa nyanya yake, akaingia ndani.